“Contact Neema or myself”: pale adabu inapoharibu sentensi ya Kiingereza

Katika dawati letu la uhariri hupita barua nyingi za Kiingereza cha kazini kabla hazijatumwa: majibu ya zabuni, mialiko ya vikao, ufafanuzi wa malipo. Nyingi huandikwa na watu wanaokijua Kiingereza vizuri. Hata hivyo, kuna sentensi moja ya kufungia barua ambayo huja na kosa lile lile, awe mwandishi ni karani mpya au mkuu wa idara: “If you have any questions, please contact Neema or myself.”

Anayeisoma haraka haoni tatizo. Ina heshima, ina utulivu wa kiofisi. Lakini kwa Kiingereza sanifu cha maandishi, “myself” hapo haina kazi. Inayotakiwa ni “me”: “please contact Neema or me.”

“Myself” na ndugu zake, kama “yourself”, “himself” na “ourselves”, ni viwakilishi vya kujirejea, na vina kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja: “I cut myself”, nimejikata. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kiambishi -ji- ndani ya kitenzi. Ya pili ni kusisitiza: “I signed it myself”, nilisaini mwenyewe, sikumwachia mtu. Kwenye kazi ya kwanza kuna sharti: mtenda lazima awepo, na awe ndiye huyo huyo anayerejewa.

Sasa tumtafute mtenda katika “please contact Neema or myself”. Ni ombi, na katika maombi na amri Kiingereza humficha mtenda. Anayetakiwa kuwasiliana ni msomaji, yaani “you”, ingawa neno lenyewe halikuandikwa. Ushahidi uko kwenye “Please help yourself”, maneno ambayo mwenyeji humwambia mgeni ajihudumie. Hakuna “you” inayoonekana, lakini “yourself” imekaa sawasawa kwa sababu “you” iko chini ya kitenzi. Kwa hiyo katika sentensi yetu mtenda ni wewe unayesoma, mtendwa ni mimi ninayeandika. Ni watu wawili tofauti, na hakuna anayejirejea.

Kwa nini basi watu wenye elimu zao wanakimbilia “myself”? Chanzo kimoja kiko shuleni. Mtoto anayesema “Me and Neema went” husahihishwa mara nyingi, aambiwe ni “Neema and I”. Ni kweli, lakini kinachobaki kichwani si kanuni ya mtenda na mtendwa, bali hofu kwamba “me” ni neno la mtu asiyesoma. Hofu hiyo ndiyo inayozaa “between you and I”, ambayo nayo ni kosa, maana baada ya “between” huja “me”. Wataalamu wa lugha huliita jambo hili usahihishaji uliopitiliza: mtu anakwepa kosa kwa bidii hadi anaingia katika jingine. Mwandishi wa barua akishasikia kwamba “me” ina mashaka na “I” pia ina mashaka, “myself” inaonekana kama mahali pa usalama ambapo hakuna atakayemkosoa.

Chanzo cha pili ni adabu yenyewe. “Me” ni fupi, inatua ghafla, na kwa aliyezoea kuombea kwa “naomba” na “ningependa” inaweza kusikika kama mtu anayejipiga kifua. “Myself” ina silabi mbili, inaongeza umbali kidogo. Lakini katika Kiingereza urefu wa kiwakilishi hauongezi heshima. Heshima inabebwa na “please”, “could you”, “I would be grateful”, na desturi ya kumtaja mwenzako kabla yako. Sentensi ya Neema ilikuwa na adabu yote iliyohitajika tangu ilipoandikwa “please” na Neema akatangulizwa.

Jaribio linalojulikana zaidi ni kumwondoa mwenzako kwa muda. Futa “Neema or”, usome kilichobaki. “Please contact myself” inakwama mdomoni hata kwa asiyejua sarufi, ilhali “please contact me” inapita bila shida. Ukimrudisha Neema mahali pake, usiguse neno lililobaki. Jaribio hili linatosha kwa barua nyingi, ila lina mipaka. Haliwezi kusaidia baada ya “between”, kwa kuwa “between” inadai watu wawili na ukimwondoa mmoja sentensi inavunjika. Hapo badilisha wote wawili kwa neno moja. Ikikubali “us”, tumia “me”. Ikikubali “we”, tumia “I”. “A meeting between us” ni sahihi, ilhali “between we” haisemeki, kwa hiyo ni “a meeting between the director and me”.

Kuna umbo moja linalowanasa hata wahariri, kwa sababu “I” ipo kweli ndani ya sentensi: “I would be grateful if you could send the invoice to myself.” Mwandishi anajitetea kwamba mtenda ni “I”, anaonekana pale mwanzoni, basi “myself” ina haki yake. Tatizo ni kwamba sentensi hii ina vishazi viwili. “I” ni wa kishazi cha kushukuru. Katika kishazi cha kutuma, mtenda ni “you”. Kiwakilishi cha kujirejea hutafuta mwenye nacho ndani ya kishazi chake, karibu na kitenzi chake, hakiruki ukuta kwenda kwa jirani. Hivyo: “if you could send the invoice to me”. Swali la kujiuliza ni nani anayetenda kitenzi kilicho karibu zaidi, wala si kama “I” ipo mahali fulani kwenye sentensi.

Tuchukue barua fupi niliyoitunga kwa ajili ya makala haya, tuipitie mstari kwa mstari. Inaanza hivi: “Thank you for meeting Neema and myself on Tuesday.” Aliyekutana nasi ni wewe, kwa hiyo “Neema and me”. Inafuata: “Myself and the accountant have gone through your quotation.” Hapa “myself” imewekwa mahali pa mtenda, kazi ambayo katika maandishi rasmi haiachiwi peke yake. Mhasibu atangulie, kisha “I”: “The accountant and I have gone through your quotation.” Sentensi ya tatu: “I have attached the copy I kept for myself.” Hii tusiiguse. Aliyetunza ni “I” na aliyetunziwa ni huyo huyo, katika kishazi kimoja. Ya nne: “If anything is unclear to yourself, please let us know.” Hakuna “you” anayetenda katika kishazi hicho, kwa hiyo “unclear to you”. Hili la “yourself” limeenea sana katika mazungumzo ya huduma kwa wateja, na chanzo chake ni kile kile cha kutafuta neno refu ili kuonyesha unyenyekevu.

Sentensi ya tatu nimeiweka kwa makusudi. Nimeona watu wakionywa mara moja kuhusu “myself” halafu wanaiondoa barua nzima kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Matokeo yake ni “the copy I kept for me”, ambayo kwenye barua rasmi inachechemea. Vivyo hivyo “I divided the work between Neema and myself” ni sahihi kabisa: aliyegawa ni mimi, na mmoja wa waliopata fungu ni mimi.

Kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada. “Wasiliana na mimi mwenyewe” ni Kiswahili safi, na ina maana yake: usipitie kwa msaidizi, nitafute mimi. Kwa vile “mimi mwenyewe” hufundishwa kuwa ndiyo “myself”, mtu anaihamisha ilivyo na kupata “contact myself”. Msomaji wa Kiingereza hapati ule msisitizo. Anaona tu kiwakilishi kilichopotea njia. Ukitaka kusema kwamba anayetakiwa ni wewe binafsi, andika “please contact me directly” au “please contact me personally”. Mkazo unabebwa na neno la mwisho, na “me” inabaki kuwa “me”. Msisitizo wa “myself” unakaa vizuri ukiambatana na mtenda: “I will check the figures myself”, nitazikagua hesabu mwenyewe.

Kwa upande mwingine, lazima tuwe waungwana kuhusu ukubwa wa kosa hili. Halimpotoshi msomaji. Hakuna atakayeshindwa kujua amwandikie nani. Waandishi wazuri wa Kiingereza wameitumia “myself” bila mtenda wake kwa karne nyingi, hasa katika orodha ya watu, na kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya Merriam-Webster inaonyesha mifano ya kutosha. Katika Kiingereza cha Ireland, mtu anaweza kusema “himself” akimaanisha mkubwa wa nyumba au wa kazi, na wasikilizaji wakaelewa bila kushangaa. Kwa hiyo yule anayemcheka mwenzake kikaoni kwa neno hili anajua kanuni nusu tu. Ninaloweza kusema bila kusita ni kwamba katika barua rasmi, wasomaji wengi makini hulihesabu kuwa kosa, na vitabu vingi vya mwongozo wa uandishi vinashauri liepukwe. Zabuni au maombi ya kazi si mahali pa kubishania historia ya neno.

Yapo pia maeneo ambayo hata mhariri mkali huyaacha. Baada ya “like”, kama katika “people like yourself”, na baada ya “as for”, kama katika “as for myself”, kiwakilishi cha kujirejea kimezoeleka bila mtenda karibu. Mimi hapo sitii kalamu.

Na ikiwa “Neema or me” bado inakukera sikioni, huna haja ya kupigana nayo. Geuza sentensi ili nafasi hiyo isiwepo. “Please contact either of us” inatosha pale majina yenu yote mawili yameshatajwa juu. “Neema and I will be glad to answer any questions” inawafanya nyinyi kuwa watenda, na “I” inakaa kwa haki yake. Kama maswali yenu yanagawanyika, taja kila mtu na lake: “Please contact Neema about payment and me about delivery.” Hii ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi, kwa kuwa mteja mwenye swali la malipo anajua mara moja amtafute nani.