Leseni ya programu: ipi ni mali, ipi ni matumizi

Chukua duka la jumla Mwanza lililosajiliwa kwa VAT. Tarehe 1 Februari limenunua leseni ya miaka minne ya programu ya hesabu na stoo, inayofungwa kwenye seva yake lenyewe, kwa Sh 12,600,000 bila VAT. Fundi wa kuifunga na kuiunganisha na mashine za risiti amelipwa Sh 1,200,000, mafunzo Sh 900,000, na huduma ya msaada ya mwaka mzima kuanzia 1 Aprili Sh 1,200,000. Programu imekuwa tayari tarehe hiyo ya 1 Aprili. Hesabu hufungwa 31 Desemba.

Dhana: Ankara ni moja, basi yote ni bei ya leseni.

Ukweli: IAS 38, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kwa mali zisizoshikika kama leseni, inaruhusu kuingiza kwenye mali bei ya ununuzi na gharama za moja kwa moja za kuifikisha programu kwenye hali ya kufanya kazi. Hapo ni leseni na ufungaji: Sh 13,800,000. VAT inayorudishwa haimo. Mafunzo nayo ni matumizi ya mwaka huu, kwani ujuzi umo vichwani mwa wafanyakazi, na siku wakiacha kazi wanaondoka nao.

Dhana: Leseni ni ya miezi 48, basi gawa kwa 48.

Hapa ndipo wengi huteleza. Thamani huanza kupunguzwa siku programu ilipokuwa tayari kutumika, na leseni inakwisha 31 Januari ya mwaka wa tano. Kuanzia 1 Aprili imebaki miezi 46. Gawanya Sh 13,800,000 kwa 46, unapata Sh 300,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza una miezi tisa:

Debiti: matumizi ya kupunguza thamani, Sh 2,700,000
Krediti: limbikizo la upunguzaji thamani, Sh 2,700,000

Kwenye mizania zinabaki Sh 11,100,000. Ukianza Aprili lakini ukagawa kwa 48, siku leseni inapokufa vitabuni bado kuna Sh 575,000 za kitu ambacho hakipo. Tena, kama duka limeshaamua kubadili programu baada ya miaka mitatu, tumia muda huo mfupi.

Dhana: Kikubwa ni mali, kidogo ni matumizi.

Ukubwa peke yake hauamui. Ada ya msaada ni sawa kabisa na malipo ya fundi, Sh 1,200,000, lakini inanunua huduma inayoliwa mwezi kwa mwezi: Sh 900,000 ni matumizi ya mwaka huu, na Sh 300,000 za Januari hadi Machi ni malipo ya mbele. Programu ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi nayo kwa kawaida ni matumizi hata bei ikiwa kubwa, maana duka halina mamlaka juu ya programu yenyewe, linapewa ruhusa ya kuingia tu. Kiwango cha chini cha kuandika mali, tuseme Sh 500,000, ni cha kuokoa kazi kwenye vitu vidogo vilivyo mali kweli.

Kagua akaunti ya leseni mwisho wa mwaka. Ukikuta kiasi kilekile kimeingia kila Aprili, hiyo ni ada ya msaada imejificha humo.