Testi vigeugeu na hatua iliyonenepa: nilichokikuta kwenye kumbukumbu za bildi

Timu yetu iko Mwanga, hapa Kigoma, na mfumo tunaoutunza unaandika mauzo ya dagaa mwaloni. Kwa muda mrefu bildi ikiwa nyekundu tuliambiana, "Kaka, iendeshe tena tu, itapita." Na kweli ilipita. Ubaya wa tabia hii ni kwamba inafuta ushahidi: ukifungua orodha ya mizunguko kwenye GitHub Actions, unachokiona ni matokeo ya mara ya mwisho tu. Mzunguko ulioanguka saa 7 usiku na kupita asubuhi unakaa pale wa kijani kama mingine.

Ila kumbukumbu ya chini yake haikufutika. Kila mzunguko una namba ya mara ulizoendeshwa. Komiti ileile, bila herufi hata moja kubadilika, ikianguka kisha ikapita, basi kilichobadilika si kodi yako. Hapo ndipo pa kuanzia:

```
gh run list --limit 400 \
  --json databaseId,headSha,attempt,conclusion,createdAt \
  --jq '.[] | select(.attempt > 1 and .conclusion == "success")'
```

Kwetu ilitoka mizunguko 23. Halafu kwa kila mmoja nikasoma anguko la mara ya kwanza:

```
gh run view NAMBA --attempt 1 --log-failed
```

Kazi hii inachosha, lakini usiiruke. Bila kusoma logi utaita kila anguko testi kigeugeu, kumbe mengine hayakufika hata kwenye testi.

Kumi na nne kati ya yale 23 yalikuwa testi moja: risiti iliyoandikwa leo lazima ionekane kwenye ripoti ya leo. Nikapanga maanguko yake kwa saa, nikitumia `createdAt`, kwa sababu hiyo hubaki ni saa ya mara ya kwanza hata ukiendesha upya. Yote yalikuwa kati ya 21:00 na 23:59 UTC. Kwetu hiyo ni saa 6 hadi saa 9 usiku, muda ambao wenzetu wengi hupushi kwa sababu bando la usiku ni nafuu.

Hapo mambo yakaeleweka. Programu ilihesabu "leo" kwa saa za Afrika Mashariki, ila testi yenyewe ilitumia `date.today()`, ambayo hufuata saa ya mashine. Seva za bildi ziko UTC, saa 3 nyuma yetu. Ikipita saa 6 usiku Kigoma, kule bado ni jana. Kwenye laptopu zetu tarehe mbili hizo zinalingana daima, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuiangusha testi hiyo mezani kwake. Kabla ya kurekebisha niliigandisha saa ya seva kwenye 22:30 UTC. Ikaanguka mara 10 kati ya 10. Kigeugeu ukikipatia sharti lake, huacha ugeugeu. Sasa testi inapewa saa maalumu, programu na testi zote zinaitumia hiyo hiyo.

Sita mengine yalianguka wakati wa kupakua vifurushi vya Paitoni: mtandao ulikatika katikati. Nilitaka kuyaweka kando kama bahati mbaya, ila yote yalitokea baada ya tarehe moja. Nikachukua muda wa kila hatua, `started_at` hadi `completed_at`, nikalinganisha wastani wa kati wa kila wiki. Jumla ya bildi haikuonyesha kitu, kwa kuwa muda wa kusubiri mashine hupanda na kushuka na kufunika mengine. Hatua ya kusakinisha, ikitazamwa peke yake, ilitoka sekunde 35 ikawa karibu dakika 3, na haikurudi tena.

Ongezeko la polepole huashiria kazi inayokua. La ghafla lina komiti yake. Nikaikuta: mtu aliweka `github.sha` kwenye ufunguo wa kashe. Kila komiti ikawa na ufunguo mpya, kashe ya jana haikupatikana kamwe, na logi ilikuwa ikisema wazi `Cache not found for input keys`. Vifurushi vyote vilipakuliwa upya kila mara, na kila upakuaji ni nafasi ya mtandao kukatika. Kwa hiyo uzito ule na maanguko yale sita vilikuwa na chanzo kimoja. Ufunguo ukarudishwa kwenye `hashFiles('requirements.txt')`.

Yamebaki matatu ambayo chanzo chake sijakipata. Logi zake nimezinakili kwenye folda ya mradi, kwa kuwa GitHub, usipobadilisha mpangilio, huzifuta baada ya siku 90.