Mafua yameisha ila kifua kinauma: usirudi kwanza kwenye lumbesa

Miezi hii ya baridi huku kwetu Mbeya, Njombe mpaka Makete kila nyumba ina mtu anakohoa, na wengi wanapona wenyewe bila shida. Leo naomba niongelee wale wachache ambao mafua yanaisha afu baada ya wiki moja au mbili kifua kinaanza kuuma, kwa sababu kati yao wapo wenye ugonjwa unaitwa mayokadaitisi, yaani msuli wa moyo wenyewe umevimba. Virusi vya mafua, korona, koksaki na pavovirusi B19 ni kati ya vinavyoweza kuleta hii kitu. Virusi vinaumiza seli za moyo, afu kinga ya mwili inapokuja kupigana navyo na yenyewe inaongeza uvimbe, ndo maana maumivu yanaweza kuja wakati mtu anajiona kashapona.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 24 wa Uyole, kazi yake kupakia viazi kwenye Fuso na jioni anacheza mpira (sio mtu mmoja ninayemjua, nimeunganisha mambo tunayoyaona kwa wagonjwa mbalimbali). Aliumwa koo, homa, viungo vyote vinamuuma, akameza panado, baada ya siku 4 akarudi mzigoni. Wiki iliyofuata usiku kifua kikaanza kubana katikati, akilala chali kinazidi, akikaa ameinama mbele kinapungua kidogo. Duka la dawa wakamwambia vidonda vya tumbo, akapewa omeprazo, haikusaidia kitu. Asubuhi anapanda kilima anahema kama mzee, ndo mama yake akamburuza hospitali.

Hapo hospitali kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mabadiliko sehemu nyingi za moyo kwa pamoja, wakachukua na damu kupima troponini. Troponini ni protini inayokaa ndani ya seli za msuli wa moyo, seli ikiumia inavuja kuingia kwenye damu. Kwa kipimo cha maabara ile mwisho wa kawaida ulikuwa nanogramu 14 kwa lita, yeye alikuwa na 480, wakarudia baada ya masaa 3 ikawa 510. Naomba mwelewe hapa vizuri kwa sababu watu wengi wanachanganya: troponini inasema moyo umeumia, haisemi umeumizwa na nini. Mshipa wa moyo ukiziba nayo inapanda, damu ikiganda kwenye mapafu inaweza kupanda, figo zikiwa mbovu inaweza kukaa juu. Na namba kila maabara ina kikomo chake kutegemea mashine, kwa hiyo usichukue cheti chako ukalinganisha na cha jirani aliyepima kwingine.

Swali kubwa la daktari siku ile ni moja tu, huu ni mshipa umeziba au ni uvimbe? Kwa kijana asiyevuta sigara, asiye na sukari wala presha, aliyetoka kuumwa mafua, uvimbe unakuwa juu kwenye orodha, lakini umri peke yake hautoshi kuondoa wasiwasi na mara nyingi inabidi mishipa yenyewe ipigwe picha. Mtu wa miaka 50 mwenye presha akija na maumivu hayohayo, hata kama alikuwa na mafua juzi, tunaanza kwa kumhudumia kama mshipa umeziba mpaka tuhakikishe haujaziba. Kijana wetu mishipa ilikuwa safi, eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikaonyesha kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 50 ya damu iliyomo, kawaida tunategemea kuanzia kama 55, akalazwa akiwa ameunganishwa kwenye monita kwa sababu siku za mwanzo mapigo yanaweza kuvurugika ghafla.

Kinachokuja kutoa jibu vizuri ni MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Sio kila mashine ya MRI inayopiga kichwa au mgongo imeandaliwa kwa moyo, kwa hiyo wagonjwa wengi wa kwetu wanapewa rufaa kwenda mbali, na inafaa ifanyike ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo kabla uvimbe haujanywea. Picha ya kwanza inatafuta maji yaliyojaa kwenye msuli uliovimba. Afu mgonjwa anachomwa dawa ya gadoliniamu kwenye mshipa, wanasubiri kama dakika 10 hivi, wanapiga tena, sehemu iliyoumia au yenye kovu inabaki na ile dawa na kung'aa nyeupe. Sasa utamu uko kwenye wapi panapong'aa. Mshipa ukiziba, madhara yanaanzia ukuta wa ndani wa moyo, kwa sababu huo ndo wa mwisho kufikiwa na damu. Kwenye uvimbe wa virusi, weupe mara nyingi unakuwa upande wa nje wa ukuta au katikati, hasa ule ukuta wa pembeni kushoto. Kijana wetu alikuwa na maji na mstari mweupe upande wa nje hapohapo pembeni, jibu likawa mayokadaitisi.

Baada ya siku kadhaa maumivu yakaisha, troponini ikashuka mpaka kawaida, na hapo ndo pagumu, maana anajiona mzima na mzigo wa viazi unamsubiri. Ndugu zangu, troponini ikishuka maana yake seli hazivuji tena, haina maana uvimbe umeisha. Ukiukimbiza moyo uliovimba unaongeza kuumia, panya walioambukizwa virusi vya koksaki wakalazimishwa kuogelea virusi vilizidi kwenye mioyo yao na wengi zaidi wakafa. Afu umeme wa moyo ukipita pembeni ya sehemu iliyoumia unaweza kuanza kujizungusha, mapigo yanaenda kasi kupita kiasi na mtu anaanguka uwanjani bila dalili yoyote kabla.

Kwa hiyo tunasema pumzika miezi 3 mpaka 6, na daktari wako ndo anapanga ngapi kati ya hapo. Ukisikia mazoezi usifikirie jim na mpira tu, huku kwetu zoezi gumu ni kubeba lumbesa, kulima kwa jembe la mkono, kusukuma baiskeli ya mkaa mlimani, kupasua magogo. Kutembea taratibu sehemu tambarare huku unaongea bila kuhema kawaida inaruhusiwa. Omba barua ya kazi nyepesi, tajiri akiiona inasaidia, na familia ijue mapema nani atashika jembe msimu huu. Ulanzi na pombe nyingine weka pembeni, na diklofenaki usijinunulie, dawa za kundi hilo zinaweza kuumiza moyo ambao haujatulia.

Ukizimia, mapigo yakienda mbio yenyewe umekaa, ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi au miguu ikivimba, usisubiri kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Yule kijana mwezi wa tano tangu augue akarudiwa troponini, eko ikawa asilimia 58, akavaa holta masaa 24 kurekodi mapigo, akakimbia kwenye mashine huku anaangaliwa. MRI ya pili maji yalikuwa yameisha, kakovu kadogo kamebaki. Kovu peke yake halimfungii mtu maisha, ila linatufanya tumfuatilie muda mrefu zaidi. Mapigo yalikuwa safi, akaruhusiwa kuanza na mizigo midogo, akiongeza wiki hadi wiki, na miadi ya kliniki baada ya miezi 6. Vyeti vyote tangu siku ile ya kwanza, cha umeme wa moyo, troponini na CD ya MRI, aliambiwa avitunze kwenye bahasha moja na aje navyo kila miadi, daktari atakayemwona anahitaji cha kulinganishia.