Nani alimwona Ezana akibatizwa?

Nimekutana nayo tena wiki hii, safari hii ndani ya makala iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa juu ya Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia: "Mfalme Ezana wa Aksum alibatizwa na Frumentio mwaka 330." Hakuna chanzo hata kimoja cha karne ya nne kinachosema hivyo. Hakuna kinachotaja ubatizo wake, wala mwaka, wala aliyembatiza. Sentensi hiyo imezaliwa na sifa aliyokuja kupata baadaye, ya mfalme mtakatifu aliyeleta Ukristo Ethiopia, kisha watu wakarudi nyuma kumtafutia tarehe.

Mimi nasoma maandishi ya mawe na sarafu za kale, na nasema wazi kwamba Ezana aliingia Ukristo. Ninachokataa ni njia ya mkato. Tuna ushahidi mzuri juu yake kuliko juu ya watawala wengi wa zama zile, tena ushahidi wa wakati wake mwenyewe, na watu wanauruka wakakimbilia hadithi.

Hadithi yenyewe inatoka kwa Rufino, aliyeandika historia ya Kanisa mwanzoni mwa karne ya tano. Anasema alisikia mambo haya kutoka kwa Edesio, mwenzake Frumentio, huko Tiro: jinsi wawili hao walivyotekwa wakiwa vijana, wakatumikia nyumba ya mfalme, na jinsi Frumentio alivyowasaidia wafanyabiashara Wakristo kutoka Roma kupata mahali pa kusalia. Baadaye Frumentio alikwenda Aleksandria, Athanasi, askofu wa huko, akampa uaskofu. Soma tena taratibu. Mfalme hatajwi jina, na hakuna mahali Rufino anaposema kwamba mfalme aliamini. Athanasi alishika kiti cha Aleksandria mwaka 328, kwa hiyo uaskofu wa Frumentio hauwezi kutangulia hapo. Mwaka 330 ni makisio yaliyojengwa juu ya hilo, yakageuka kuwa ukweli kwa kurudiwarudiwa.

Ushahidi wa pili ni barua. Yapata mwaka 356 kaisari Konstansio wa Pili aliwaandikia "Aizana na Sazana", watawala wa Aksum, akiwataka wampeleke Frumentio Aleksandria akachunguzwe imani na askofu mpya, Georgio, mpinzani wa Athanasi. Athanasi aliinakili barua hiyo katika utetezi wake, ndiyo maana tunayo. Inatuhakikishia kwamba kufikia wakati huo kulikuwa na askofu Aksum, na kwamba kaisari aliona mfalme ana kauli juu yake. Haisemi mfalme ni Mkristo. Mtawala anaweza kumvumilia askofu kwa ajili ya biashara na urafiki na Roma bila kuabudu Mungu wake.

Sasa tuje kwenye mawe.

Kuna andishi la Ezana juu ya vita na Wabeja, watu wa kaskazini mwa Aksum, limechongwa kwa Kigiriki na kwa Kigeezi, lugha ya Aksum yenyewe. Humo mfalme anajiita mwana wa mungu wa vita asiyeshindwa: Aresi katika Kigiriki, Mahrem katika Kigeezi. Tena anasema aliwatuma vitani ndugu zake, Sazana na Hadefa. Huyo Sazana ni hazina. Ndiye yule aliyeandikiwa na kaisari, kwa hiyo mfalme anayejiita mwana wa Mahrem na mfalme wa ile barua ni mtu mmoja. Wapo waliopendekeza kuwepo kwa Ezana wawili ili kuondoa ugumu wa mfalme mmoja kuwa na dini mbili. Sioni haja. Kubadilika katikati ya utawala ndiko hasa tunakokutafuta.

Kisha lipo andishi la Kigeezi la vita na Wanuba, watu wa bonde la Nile. Mahrem ametoweka. Mfalme anamshukuru "Bwana wa Mbingu", na kiti cha enzi alichokisimamisha kama kumbukumbu ya ushindi amekisimamisha kwa nguvu za Bwana huyo. Kristo hatajwi, na msalaba hausemwi. Hapa ndipo wasomaji wanaponichosha, wa pande zote mbili. Wa kwanza anasema: Ezana alikuwa Mkristo, kwa hiyo Bwana wa Mbingu ni Mungu wa Wakristo. Hapo jibu limewekwa ndani ya swali. Wa pili anasema: Kristo hayumo, kwa hiyo Ezana alipita kwanza kwenye imani ya Mungu mmoja isiyo ya Kikristo, ndipo akafika kwenye Ukristo. Hoja hii inapendeza, na kwa muda mrefu ilikuwa na nguvu.

Mwaka 1969 lilipatikana Aksum jiwe jingine, la Kigiriki, lenye jina la Ezana, mwana wa Ella Amida. Linaanza kwa imani katika Mungu na nguvu ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na mfalme anajiita mtumishi wa Kristo. Nalo linahusu vita na Wanuba.

Ikiwa vita ni vile vile, ile ngazi ya hatua mbili inaanguka. Tofauti ya maneno haitokani tena na wakati, inatokana na msomaji. Kigiriki kilisomwa na wageni, wafanyabiashara na makasisi kutoka dola ya Roma, na kwao Utatu ulitamkwa wazi. Kigeezi kilisomwa na raia ambao jana tu walisikia habari za Mahrem, na kwao mfalme alichagua jina ambalo Mkristo angelikubali na asiye Mkristo asingelikataa. Mimi naegemea huko. Lakini uzito wote wa hoja umekaa juu ya neno "ikiwa". Ezana angeweza kwenda Nuba zaidi ya mara moja, na katika jiwe la Kigeezi sehemu lilipokuwa jina la mfalme imeharibika. Tunalijaza kwa msaada wa jina la baba yake na la ukoo wake, Halen. Naliona jazio hilo kuwa sahihi, ila wasomaji wa vitabu vya kiada wastahili kuambiwa kwamba pale pana ufa.

Tahadhari moja zaidi. Andishi hilo la Kigeezi linasema jeshi liliharibu sanamu za mahekalu ya Wanuba, na nimeona watu wakilishika hilo kama ushahidi wa bidii ya Kikristo. Sanamu hizo zimetajwa pamoja na maghala ya nafaka na pamba. Hiyo ni orodha ya uharibifu wa vita, na wafalme wa dini zote walifanya hivyo.

Sarafu zinaeleza kwa kifupi. Sarafu za dhahabu za Ezana za mwanzo zina duara na hilali, alama za dini ya zamani, juu ya kichwa chake. Za baadaye zina misalaba, na jina ni lile lile, ukoo ni ule ule. Hazina tarehe, lakini zinathibitisha mfuatano: mfalme yule yule, alama mbili, utawala mmoja. Zinatuambia dola ilitangaza nini. Moyo wa mtu haugongwi kwenye dhahabu.

Ajabu ni kwamba mapokeo ya Kanisa la Ethiopia hayamtaji Ezana. Yanawasifu ndugu wawili wafalme, Abreha na Atsbeha, na wengi huwaunganisha moja kwa moja na Ezana na Sazana. Huenda ukumbusho wa ndugu wawili ni wa kweli. Lakini majina hayo yanafanana mno na ya karne ya sita: Ella Atsbeha lilikuwa jina la utawala la mfalme Kaleb, na Abreha alitawala Himyar, Yemeni ya leo, ng'ambo ya bahari. Kuyatumia kuthibitisha habari za Ezana ni kuthibitisha kwa kitu ambacho chenyewe kinahitaji uthibitisho.

Ningeandika basi hivi: Ezana alianza kutawala akijitangaza mwana wa Mahrem, na kabla ya kufa alijitangaza mtumishi wa Kristo, mahali fulani katikati ya karne ya nne. Ukitaka kuongeza ubatizo, nionyeshe jiwe.