Kidonda kisichouma: tazama ukingo, si katikati

Mama aliyemleta mwanawe alianza na neno ambalo nimelisikia mara nyingi kliniki: "Daktari, kingekuwa kibaya kingemuuma." Mtoto alikuwa na miaka 9, na kidonda kilikuwa nyuma ya mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Mama alikuwa akikisafisha kila siku na mtoto hakuwahi kukunja hata uso.

Kwa sisi tunaotibu ngozi, neno hilo ndilo linalotustua. Jipu huuma. Kidonda cha kujikwaa kikiingia uchafu huuma. Kidonda cha mkononi au mguuni kinachokua polepole kwa wiki na wiki bila maumivu kinanifanya niwaze magonjwa machache tu, na mawili ya mwanzo ni kidonda cha Buruli na lishmania ya ngozi. Ukoma pia huwa namo akilini, lakini huo nitauacha kwa siku nyingine.

Buruli husababishwa na bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Jina ni la eneo la Buruli nchini Uganda, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Bakteria huyu hapendi joto la ndani ya mwili. Hustawi kwenye nyuzi 30 hadi 33 hivi, na ndiyo sababu hukaa kwenye ngozi na mafuta yaliyo chini yake, hasa mikononi na miguuni. Akiwa hapo hutoa sumu iitwayo mikolaktoni. Sumu hiyo huua chembe za mafuta, huzubaisha kinga ya mwili isije kupigana, na katika majaribio ya panya imeonekana ikinyamazisha mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mgonjwa hana homa, hana wekundu wa kutisha, na hana maumivu. Mwili unaliwa kimyakimya, nao haupigi kelele.

Lishmania ni habari nyingine. Huletwa na usubi, yule mdudu mdogo ambaye wengine humwita nzi wa mchanga. Anapomuuma mtu humwachia vijidudu vinavyoishi ndani ya chembe za kinga zenyewe. Huanza kama kipele kwenye ngozi iliyo wazi, kinakua, kisha kinatumbuka.

Kwa mbali vidonda hivi viwili hufanana. Siri iko kwenye ukingo. Ukingo wa lishmania umeinuka na ni mgumu ukiushika, katikati kuna shimo lenye gaga, kama mdomo wa volkeno. Ukingo wa Buruli umebonyea au uko sawa na ngozi, lakini chini yake ni patupu: mafuta yamekufa na ngozi imebaki ikining'inia kama paa la nyumba iliyobomoka kuta. Ndani huonekana uchafu mweupe wa manjano, kama pamba iliyoloa.

Kwa mtoto yule, kidonda kilichoonekana kwa juu kilikuwa na upana wa sentimita 4. Nilichukua kijiti safi nikakipitisha taratibu chini ya ukingo. Upande mmoja kiliingia sentimita 3, upande wa pili 2. Kidonda halisi kilikuwa cha sentimita 9. Katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, hapo tayari ametoka daraja la kwanza, la chini ya sentimita 5, na yumo la pili.

Nikarudisha historia nyuma. Wiki 11 kabla, mama alihisi kivimbe kama punje ya mahindi chini ya ngozi, kigumu, kinachosogea ukikisukuma. Zahanati moja ikakiita jipu. Kikapasuliwa, usaha haukutoka, akapewa dawa za kawaida za bakteria. Jipu lisilo na usaha, lisilouma na lisilo na joto lilipaswa kumfanya mtu asite, ingawa sitamlaumu sana aliyeona kivimbe hicho cha kwanza, maana majipu halisi ni mengi kuliko Buruli. Baadaye kidonda kilichukuliwa sampuli, na majibu yakarudi: hakuna kitu.

Nilipouliza sampuli ilichukuliwa wapi, mama alionyesha katikati kabisa ya kidonda. Hapo ndipo tunapopoteza wagonjwa wengi. Katikati mwa Buruli pana mafuta yaliyokufa na bakteria wengine waliodandia. Bakteria tunayemtafuta yuko pembeni, chini ya ukingo, anakoendelea kula. Kijiti cha pamba kinatakiwa kizungushwe humo chini, pande zote. Kwa kivimbe ambacho hakijatumbuka, tunavuta sampuli kwa sindano. Kwa lishmania pia ni ukingo, ila hapo tunakwangua ule mwinuko wenyewe baada ya kuondoa gaga, kisha tunaupaka kwenye kioo, tunautia rangi na kutafuta vijidudu vya umbo la yai.

Nilichukua vyote viwili. Kioo cha lishmania kilikuwa safi. Kipimo cha darubini cha Buruli nacho hakikuonyesha kitu, jambo lisilonishangaza kwa sababu hukosa wagonjwa wengi. PCR, inayotafuta vinasaba vya bakteria, ikarudi na jibu: Buruli. Kuotesha bakteria maabara kungechukua miezi.

Kutofautisha si ubishi wa wataalamu. Dawa za sindano za antimoni zinazotumika kwa lishmania zinaweza kudhuru moyo na kongosho, na kwa Buruli hazifanyi lolote. Dawa za Buruli nazo haziondoi lishmania.

Mtoto alikuwa na kilo 30. Alianza rifampisini miligramu 10 kwa kila kilo, yaani 300, mara moja kwa siku, pamoja na klarithromisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 8. Nilimwonya mama kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa. Nilimwonya pia kwamba kidonda kinaweza kuonekana kinaharibika katikati ya matibabu, na wiki ya sita kikafanya hivyo: uvimbe mpya pembeni na majimaji mengi. Kinga iliyokuwa imezubaishwa na sumu huamka na kushambulia mabaki. Aliyekwisha kuambiwa hatupi dawa. Asiyeambiwa huziacha, au daktari hubadilisha tiba iliyokuwa ikifanya kazi.

Dawa ziliisha, bakteria walikufa, lakini shimo la sentimita 9 halizibiki kwa vidonge. Ilibidi apandikizwe ngozi. Kovu karibu na kiungo huvuta kadiri linavyokauka, na kwa nyuma ya kiwiko huzuia mkono usikunjike. Tulianza mazoezi ya kiwiko tangu wiki ya kwanza, kidonda kikiwa bado wazi. Leo anakunja mkono mpaka vidole viguse kidevu. Bega la upande uleule havilifikii.

Mwaka huohuo nilimwona msichana mwenye kivimbe cha sentimita 2 kwenye paja, hakijatumbuka. Sindano moja, PCR, dawa zilezile, siku 56 zilezile. Nilipomwona mara ya mwisho ilibidi anionyeshe kwa kidole palipokuwa na kivimbe.