Riba kubwa haisemi kwamba fedha itapanda

Kila benki kuu inapopandisha riba, hakosekani mchambuzi wa kusema kwamba kwa mujibu wa usawa wa riba, fedha ya nchi hiyo sasa itapanda mwaka mzima. Kanuni anayoitaja inasema kinyume chake.

Usawa wa riba usio na kinga unasema hivi: fedha yenye riba kubwa inatarajiwa kushuka thamani kwa kiasi kinachokaribia tofauti ya riba zenyewe. Isingekuwa hivyo, wenye mitaji wote wangehamia upande unaolipa zaidi, na kuhama kwao kungebadilisha bei mpaka faida ya ziada iishe. "Usio na kinga" ni kwa sababu mwekezaji hajafunga mkataba wa bei atakayobadilishia fedha zake baadaye. Akiufunga, tunazungumzia usawa wenye kinga, ambao ni habari nyingine.

Tuchukue fedha mbili, A na B. Leo B moja inanunuliwa kwa A 100. Riba ya mwaka ni asilimia 12 kwa A na asilimia 4 kwa B. Mwenye B moja akiiweka benki anapata B 1.04. Akiibadilisha kwanza na kuweka A, anapata A 112. Ili njia hizi mbili zilingane, B moja lazima itarajiwe kufika A 107.7 mwakani, yaani 112 gawanya kwa 1.04. Riba kubwa ya A ni fidia ya mshuko huo.

Mfumuko wa bei ndio unaoeleza pengo hilo limetoka wapi. Tuseme bei za bidhaa zinatarajiwa kupanda asilimia 10 kwa A na asilimia 2 kwa B. Ukiondoa mfumuko, riba halisi ni karibu asilimia 2 pande zote mbili, kwa hiyo A hailipi zaidi hata kidogo. Mchumi Irving Fisher aliliona jambo hili mwaka 1896 alipolinganisha hati za mkopo za India zilizouzwa London, nyingine zikilipwa kwa rupia ya madini ya fedha na nyingine kwa dhahabu. Riba zake zilitofautiana kwa sababu wanunuzi walikuwa na matarajio yao kuhusu thamani ya rupia.

Hapa ndipo penye mkanganyiko, na napenda tukae kidogo. Benki kuu ya A ikipandisha riba ghafla hadi asilimia 15, huku watu wakiendelea kuamini kwamba mwakani B moja itakuwa A 107.7, bei ya leo haiwezi kubaki 100. Itashuka hadi A 97.4 kwa B moja. A imepanda, ni kweli, na hicho ndicho mchambuzi alichokiona kwenye skrini. Lakini imepanda papo hapo, na kutoka 97.4 inatarajiwa kwenda 107.7, mteremko mkali kuliko ule wa mwanzo. Kuruka kwa siku moja na safari ya mwaka mzima ni vitu viwili, tena vinaelekea pande tofauti.

Na hata huko kuruka hakuna uhakika. Kama riba imefika 15 kwa sababu watu sasa wanatarajia mfumuko wa asilimia 13, matarajio ya mwakani nayo yanasogea hadi karibu A 110.6, na bei ya leo inaweza kubaki pale pale 100. Ili kujua ni hali ipi, tazama riba halisi. Nchi yenye hati za serikali zinazofidia mfumuko, linganisha riba ya hati hizo na ya hati za kawaida za muda uleule: pengo likipanuka kwa kiasi kilekile riba ilivyopanda, kilichopanda zaidi ni hofu ya mfumuko.

Mchambuzi anaweza kujitetea kwa takwimu, na hapo ana haki. Mchumi Eugene Fama alionyesha mwaka 1984 kwamba kwa vipindi vifupi fedha zenye riba kubwa mara nyingi hazikushuka kama kanuni inavyodai, na nyingine zilipanda. Wengi walikopa yeni kwa riba ndogo wakaweka dola za Australia, wakafaidi kwa miaka. Kisha mwaka 2008, kati ya Julai na Oktoba, dola ya Australia ikaanguka kutoka zaidi ya yeni 100 hadi chini ya 60. Sehemu ya ile faida ilikuwa malipo ya kubeba hatari hiyo bila kinga.

Basi anayetaka kusema fedha ya riba kubwa itaendelea kupanda, aseme anategemea kanuni kushindwa, au anategemea malipo ya hatari. Asiseme usawa wa riba ndio uliomwambia.