Askari wakiingia sokoni, je, soko lote ni halali kupigwa?

"Askari wakijificha sokoni, soko lote linakuwa kambi. Sheria ya vita inaruhusu kulipiga."

Ujumbe huu unazunguka sana kwenye magrupu ya Goma, na si kweli. Fungua Protokali ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva kuhusu vita, kifungu cha 50: kuwapo kwa wapiganaji kati ya raia hakuwaondolei raia hao hadhi yao. Mama anayewauzia wapiganaji maharage bado ni raia, na anayesukuma chukudu cha makala pia. Ukiwa na shaka juu ya mtu, unamhesabu raia.

Tuseme lori la risasi limesimama saa sita mchana kando ya soko lililojaa. Lori lenyewe ni shabaha halali, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kamanda lazima kwanza apime madhara ya raia yanayotarajiwa dhidi ya faida ya kijeshi ya wazi na ya moja kwa moja. Akijua kwamba usiku lori litapita barabara tupu, na faida ni ileile, anapaswa kungoja. Akipiga mchana, huku akitarajia vifo vingi vya wachuuzi kwa ajili ya lori moja tu, amevunja sheria.

Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo. Unawafanya majirani waonekane shabaha.

Aliyeegesha lori pale ili ajikinge kwa raia naye amekosa, lakini kosa lake halimpi mpinzani ruhusa (kifungu cha 51). Uamuzi hupimwa kwa taarifa alizokuwa nazo kamanda kabla ya kupiga, si kwa idadi ya maiti baadaye.